Kupiga 112 Italia: useme nini, na uanze na lipi

Simu ya dharura Italia haishindikani kwa sababu mpigaji hajui Kiitaliano cha kutosha. Inashindikana kwa sababu anaanza na maneno yasiyohitajika kwanza. Mtu anapiga, analia, anasema «aiuto, aiuto», anaeleza mgonjwa ni nani wake, halafu simu inakatika kabla hajataja mtaa. Aliyepokea anajua kuna mtu hoi mahali fulani mjini, basi.

Kwa hiyo shika mpangilio kabla ya msamiati: wapi, nini, anaitika na anapumua, tangu lini. Ukitoa jibu la kwanza vizuri na simu ikakatika hapo hapo, bado gari linaweza kutumwa. Ukianza na mengine yote ukasahau anwani, hakuna pa kulituma.

Namba ni 112, bure, hata kama simu haina salio na hata kama skrini imefungwa. Katika mikoa mingi inapokelewa na kituo kimoja kinachohudumia dharura zote: polisi, zimamoto na wagonjwa. Anayepokea hapo si mtu wa afya. Kazi yake ni kujua uko wapi na unahitaji nani, kisha anakuhamishia kwa wahusika, yaani 118, ambayo ndiyo huduma ya wagonjwa. Katika sehemu ambazo mfumo huo haujafika, 112 inaingia kwa askari wa karabinieri, nao watakuunganisha. Ukipiga 118 moja kwa moja pia utafika, popote ulipo nchini.

Hapo kwenye kuhamishwa ndipo wengi wanapopotea. Unasikia «La passo al 118, resti in linea», yaani nakuhamishia 118, usikate simu, kisha mlio au kimya cha sekunde kadhaa, kisha sauti nyingine inakuuliza upya: uko wapi? Mpigaji anadhani hawakumsikia, au wanamzungusha kama ofisini, anakata kwa hasira. Usikate. Mtu wa pili ndiye anayetuma gari, na anarudia anwani makusudi ili kuihakikisha. Maswali yanayofuata hayachelewishi chochote, kwani gari linaweza kuwa limeshaondoka huku wewe bado unaulizwa umri wa mgonjwa.

Kusoma Kiitaliano kwa jicho la Mswahili

Tuna bahati moja: irabu zao ni zetu. A, e, i, o, u zinatamkwa karibu sawa na za Kiswahili, kwa hiyo ukiandikiwa kwa herufi zetu utaeleweka. Matatizo yako kwenye konsonanti chache, na baya kuliko yote ni «ch». Kwao «ch» ni k. Neno «che» linasomwa *ke*. Lakini «c'è», lenye maana ya «kuna», linasomwa *che*. Yaani limegeuka kabisa, na ukisoma Kiitaliano kwenye karatasi kama unavyosoma gazeti la nyumbani, utasema kinyume. Ndiyo maana chini hapa karibu kila sentensi imeandikwa mara mbili, kwanza kama wanavyoiandika, kisha kwa mlazo kama Mswahili anavyopaswa kuisoma.

Mengine ni mepesi. Herufi h haitamkwi, «ho» ni *o*, «ha» ni *a*. «Gn» ni ny yetu, «bagno» ni *banyo*. «Sc» mbele ya i au e ni sh. Z mara nyingi ni ts.

Halafu kuna mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Wao hufanya hivyo mara nyingi, lakini si kila mara: *te-LE-fono*, *NU-mero*, *NA-poli*, *BER-gamo*. Ukisema *Na-PO-li* kwenye simu yenye kelele, anayesikiliza anaweza asitambue kwamba umetaja mji. Pale mkazo unapohama nimeuweka kwa herufi kubwa.

Sehemu ya kwanza: wapi

Taja mji kwanza, kisha mtaa, kisha namba. Si mtaa kwanza. Via Roma na via Garibaldi zipo karibu kila mji wa Italia, na kituo kimoja kinapokea simu za miji mingi. Ukisema tu «via Roma» hujasema kitu.

Sentensi yenyewe, kwa mtu aliyeko mji mdogo wa Treviglio:

«Ambulanza, per favore. Sono a Treviglio, provincia di Bergamo. Via Roma, ventisette. Due, sette.»
*Ambulantsa, per favore. Sono a Trevilyo, provincha di BER-gamo. Via Roma, ventisette. Due, sette.*
Gari la wagonjwa, tafadhali. Niko Treviglio, mkoa wa Bergamo. Mtaa wa Roma, ishirini na saba. Mbili, saba.

Kuitaja namba ya nyumba mara mbili, nzima na kisha tarakimu mojamoja, si mbwembwe. Sessanta ni 60, settanta ni 70, na kwa simu hutofautishwa kwa shida hata na wenyeji. Kama huna uhakika na namba nzima, achana nayo na utaje tarakimu tu: zero, uno, due, tre, quattro, cinque, sei, sette, otto, nove. Zinasomwa *dzero, uno, due, tre, kwattro, chinkwe, sei, sette, otto, nove*.

Baada ya mtaa inakuja sehemu ambayo wageni huisahau, nayo ndiyo inayowasimamisha wahudumu nje ya jengo: kengele. Majengo ya Italia yana ubao wa vitufe mlangoni, unaitwa citofono, *chi-TO-fono*, na kila kitufe kina jina la ukoo. Wewe unapanga chumba kwa mtu, jina lako halipo pale. Wahudumu wanafika na machela, wanaona majina 20, la kwako halipo, wanaanza kubonyeza ovyo. Kwa hiyo usitoe jina lako, toa jina lililo kwenye kitufe:

«Terzo piano. Sul citofono c'è scritto Colombo.»
*Tertso piano. Sul chi-TO-fono che skritto Kolombo.*
Ghorofa ya tatu. Kwenye kengele pameandikwa Colombo.

Shuka leo uangalie kitufe kinasemaje, maana wengi wanaoishi na mwenye nyumba hawajawahi kukisoma. Kuhusu ghorofa, hesabu yao huanza juu ya ile ya chini. Ya chini ni piano terra, na primo piano ni ile unayofika baada ya kupanda ngazi mara moja. Kama jengo lina ngazi zaidi ya moja, kila ngazi ina herufi, na hiyo pia huitaji: «scala B», *skala bi*.

Miji miwili ina mambo yake. Venezia haihesabu nyumba kwa mtaa bali kwa kitongoji kizima, namba inaweza kufika maelfu, kwa hiyo pale unataja jina la kitongoji na namba, mfano «Cannaregio», *Kannarejo*, kisha tarakimu. Firenze ina namba nyekundu na namba nyeusi katika mtaa mmoja: nyekundu ni za maduka, nyeusi za makazi, na 27 nyekundu haiko jirani na 27 nyeusi. Ukiwa dukani au mgahawani Firenze ongeza neno «rosso».

Ukiwa nje na hujui ulipo, sema hivyo, kisha soma kwa sauti maandishi yoyote unayoyaona. Jina la mtaa limebandikwa ukutani kwenye kona. Kituo cha basi kina jina. Duka la dawa lina msalaba wa kijani.

«Non so dove sono. Vedo una farmacia.»
*Non so dove sono. Vedo una farma-CHI-a.*
Sijui niko wapi. Naona duka la dawa.

Kwenye barabara kuu ya magari, yaani autostrada, vitu vitatu vinatosha: herufi na namba ya barabara, mnaelekea mji gani, na kilomita. Kilomita zimeandikwa kwenye vibao vidogo vya pembeni. «A1, direzione Napoli, chilometro...», *a uno, diretsione NA-poli, ki-LO-metro*, halafu tarakimu. Ukisahau mwelekeo, gari linaweza kuja upande usio wako, na upande wa pili huvukiki.

Kuna pia programu ya simu inayoitwa `112 Where ARE U`, ambayo hupiga 112 na kutuma mahali ulipo kwa GPS. Inafanya kazi pale penye vile vituo vya pamoja. Ina pia njia ya kuomba msaada bila kuongea, jambo la maana kwa aliyekabwa na pumzi au asiyeweza kutoa sauti. Iweke mapema na uijaze, kwani siku ya tukio hutakuwa na mikono ya kuipakua. Ila ndani ya jengo GPS haijui ghorofa wala kengele, kwa hiyo yale mawili bado ni kazi ya mdomo wako.

Sehemu ya pili: nini

Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza, mara tatu.

Kwanza, lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke. «Ameanguka» inatosha. Kiitaliano kinadai: è caduto ni yeye mwanamume, è caduta ni mwanamke. Ukikosea utaeleweka, lakini watakuuliza «maschio o femmina?», *maskio o FEM-mina*, nawe utashangaa. Maliza mapema kwa kutaja: «un uomo», *un womo*, au «una donna», au «un bambino» kwa mtoto. Ongeza umri.

Pili, mkono na mguu. Kwetu mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni. Kwao braccio, *bracho*, ni mkono, na mano ni kiganja. Mguu vivyo hivyo: gamba ni mguu, piede ni wayo. Mtu ambaye mkono mzima hauinuki, ukisema «mano», umemfanya mgonjwa wa ganzi ya vidole. Tumia braccio na gamba, isipokuwa una hakika ni kiganja au wayo pekee.

Tatu, tumbo. «Tumbo linamuuma» inaweza kuwa chembe ya moyo, kitovu, au kinena. Kwao stomaco, *STO-mako*, ni juu karibu na chembe, na pancia, *pancha*, ni tumbo lote. Mtu wa miaka 60 anayeshika chembe ya moyo huku akitokwa jasho, usimwite mgonjwa wa tumbo. Taja kifua pia.

Dalili zenyewe, nachagua chache zinazobadilisha uamuzi wa anayepokea.

Kifua: «Ha un forte dolore al petto. È sudato.» *A un forte dolore al petto. E sudato.* Ana maumivu makali ya kifua, anatokwa jasho. Maumivu yakishuka mkononi: «Va al braccio sinistro», *va al bracho sinistro*, yanaenda mkono wa kushoto. Ikiwa mgonjwa ni wewe mwenyewe, «ha» inakuwa «ho», yaani *o*, na mwanamke husema «sono sudata».

Pumzi: «Fa fatica a respirare», *fa fatika a respirare*, anapumua kwa shida. Mwenye pumu: «Ha l'asma.»

Degedege au kifafa: «Ha le convulsioni da cinque minuti», *a le konvulsioni da chinkwe minuti*. Hiyo «da» ni «tangu», na dakika ndizo zinazohesabiwa, hivyo angalia saa mara tu mtu anapoanza kutetemeka.

Damu: «Perde molto sangue dalla gamba», *perde molto sangwe dalla gamba*, anapoteza damu nyingi mguuni. Huku ukisema, mtu mwingine akandamize jeraha kwa nguvu bila kuachia kuchungulia.

Mjamzito: «È incinta di otto mesi. Perde sangue.» *E inchinta di otto mezi. Perde sangwe.* Chupa ikipasuka: «Si sono rotte le acque», *si sono rotte le akwe*.

Kuna mambo mawili ambayo opereta wa Italia hatayafikiria kwa haraka usipomtajia, na yanatuhusu zaidi sisi. La kwanza ni homa baada ya safari. Mtu aliyetoka Mombasa au Mwanza siku kumi zilizopita na sasa ana homa kali na maneno yake hayaeleweki anaweza kuwa na malaria inayopanda kichwani. Kwa mwenyeji, homa ni mafua ya msimu. Sema: «Ha la febbre alta. È tornato dall'Africa da dieci giorni», *a la febbre alta. E tornato dall AF-rika da diechi jorni*. La pili ni selimundu. Mwenye maumivu ya kupindukia ya mifupa au kifua na anayejijua ana ugonjwa huo, neno ni «anemia falciforme», *anemi-a falchiforme*. Bila neno hilo, maumivu makali bila jeraha yanaweza kuonekana si ya haraka.

Na kwa msimu wa baridi, jiko la mkaa. Kuingiza makaa ya moto chumbani kwa ajili ya joto, madirisha yakiwa yamefungwa, kunatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Dalili ya kuitambua ni kwamba watu wawili, watatu wanaumwa kichwa, kichefuchefu na kuishiwa nguvu kwa pamoja. Tokeni nje kwanza, simu baadaye, kisha useme: «Abbiamo acceso la carbonella in casa. Stiamo male tutti.» *Abbiamo acheso la karbonella in kaza. Stiamo male tutti.* Tumewasha mkaa ndani, wote tunaumwa. Wataleta na zimamoto, usishtuke.

Sehemu ya tatu: anaitika, anapumua?

Maswali haya mawili yanakuja kila mara: «È cosciente?», *e koshente*, na «Respira?». Jibu la kwanza ni rahisi: mwite kwa jina, mtikise bega. Akifumbua macho au kujibu, «risponde». Akiwa kimya, «non risponde».

La pili lina mtego unaoua. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kwa dakika kadhaa kuvuta pumzi mojamoja, za mbali, kama mtu anayekoroma au samaki aliyetolewa majini. Anayeangalia anasema «respira», anapumua. Opereta anaamini, na muda wa kukandamiza kifua unapita. Mtazame kifua kwa sekunde 10. Kama hakipandi na kushuka kwa utaratibu, jibu lako liwe:

«Non risponde. Non respira bene.»
*Non risponde. Non respira bene.*
Haitiki. Hapumui sawasawa.

Sheria namba 116 ya mwaka 2021 inavitaka vituo vya 118 kumwelekeza mpigaji kwa simu namna ya kukandamiza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo. Kwa hiyo utapewa amri, na unapaswa kuzitambua. «Metta il vivavoce», *metta il vivavoche*: weka spika. «Lo metta per terra»: mlaze sakafuni, na kwa mwanamke watasema «la». «Prema forte al centro del petto», *prema forte al chentro del petto*: kandamiza kwa nguvu katikati ya kifua. «Conti con me», *konti kon me*: hesabu pamoja nami. Kina ni sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na huachi mpaka wahudumu waingie au mgonjwa aanze kujigeuza.

Waliojifunza Kiitaliano ufukweni Malindi na Watamu watasikia tofauti hapa. Kile cha wageni wa hoteli ni cha «wewe»: senti, guarda, aspetta. Opereta anatumia heshima: senta, guardi, aspetti. Ni amri zile zile, irabu ya mwisho tu imegeuka.

Sehemu ya nne: tangu lini

Kwa kiharusi, swali hili ndilo zito kuliko yote. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na saa hiyo hospitali inaipata kutoka kwako.

Sasa fikiria Mswahili ameulizwa «Quando è cominciato?», *kwando e kominchato*, ilianza lini, naye akajibu «all'una», saa moja, kwa maana ya saa moja asubuhi. Kwa Mwitaliano hiyo ni saa saba. Ameibiwa mgonjwa saa sita kwa neno moja. Dawa: usitafsiri saa kichwani. Tazama tarakimu kwenye simu na uzisome kama zilivyo. Saa moja na dakika arobaini asubuhi kwenye skrini ni 7:40, «sette e quaranta». Saa nne usiku ni 22:00, «ventidue». Au kimbia saa kabisa, useme muda uliopita: «da mezz'ora», *da medzora*, nusu saa, «da un'ora», saa moja nzima, «da due ore», saa mbili.

Kama hukuona mwanzo wake, usibuni. Wanachotaka ni mara ya mwisho alipoonekana mzima. «Alle sette stava bene»: saa moja asubuhi alikuwa mzima. Aliyeamka akiwa hivyo: «Si è svegliato così. Ieri sera alle dieci stava bene.» *Si e zvelyato ko-ZI. Yeri sera alle diechi stava bene.* Ameamka hivi, jana saa nne usiku alikuwa mzima.

Simu nzima, tangu mwanzo

Tuchukue mama anayemtunza mzee wa miaka 81 huko Treviglio. Saa moja asubuhi alimpa chai, mzee akapokea kikombe vizuri. Saa moja na dakika arobaini anarudi chumbani, anakuta mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala, maneno hayatoki. Kikombe kiko sakafuni.

Sauti ya kwanza: «112, dove si trova?» Uko wapi?
Mama: «Treviglio, provincia di Bergamo. Via Roma, due, sette. Ambulanza.»
Sauti: «La passo al 118. Resti in linea.»
(Kimya. Hakati.)
Sauti ya pili: «Qual è l'indirizzo?» *Kwal e lindiritso.* Anwani ni ipi?
Mama: «Treviglio. Via Roma, due, sette. Terzo piano. Sul citofono c'è scritto Colombo.»
Sauti: «Cosa è successo?» *Koza e suchesso.* Nini kimetokea?
Mama: «Un uomo, ottantuno anni. Ha la bocca storta. Non muove il braccio destro. Non riesce a parlare.» *Un womo, ottantuno anni. A la bokka storta. Non muove il bracho destro. Non rieshe a parlare.*
Sauti: «È cosciente? Respira?»
Mama: «Sì. Respira bene.»
Sauti: «Da quanto tempo?» Tangu lini?
Mama: «Alle sette stava bene.»
Sauti: «Che farmaci prende?» *Ke FAR-machi prende.* Anatumia dawa gani?

Hapa mama hajui majina. Hahitaji kuyajua. Anachukua maboksi yote kwenye meza ya mzee, anasema «Ho le scatole qui», *o le SKA-tole kwi*, maboksi ninayo hapa, na kusoma jina la juu la kila moja herufi kwa herufi ikibidi. Vidonge vya kuzuia damu kuganda ndivyo wanavyovitafuta, kwa sababu vinaweza kuzuia ile dawa ya kuyeyusha isitolewe. Maboksi hayo yaende na mzee hospitalini. Hampi maji, chakula wala aspirini, maana koo la mwenye kiharusi linaweza kushindwa kumeza, na aspirini ni mbaya ikiwa kilichotokea ni damu kuvuja ubongoni.

Kisha anafungua mlango wa chini, au anamtuma jirani asimame barabarani, na simu anaiacha wazi. Gari likishindwa kuiona nyumba, kituo kitapiga namba ile ile, mara nyingine bila namba kuonekana. Ipokee.

Usipoelewa

Sentensi tatu zinatosha. «Parlo poco italiano», *parlo poko italiano*, nazungumza Kiitaliano kidogo. «Non ho capito», *non o kapito*, sijaelewa. «Parli piano, per favore», sema polepole, tafadhali. Neno piano hapo ni polepole, lile la mwanzo lilikuwa ghorofa. Ni neno moja, na anayesikiliza atajua kutokana na sentensi.

Vituo vya 112 vinaweza kumwingiza mkalimani kwenye simu. Omba kwa jina la lugha, «swahili», *svaili*, au Kiingereza, «inglese», *ingleze*, au Kifaransa, «francese», *francheze*, kwa waliotoka Kongo na Burundi. Lakini mkalimani anatafutwa, na kumtafuta ni dakika. Toa anwani kwa Kiitaliano kabla ya kumwomba.

Kinachoharibu zaidi ni kumpigia ndugu aliyeko mji mwingine apige yeye. Simu ya 112 huelekezwa kwa kituo cha eneo alipo mpigaji. Binamu aliyeko Torino akipigia mgonjwa wa Napoli, anaangukia kituo cha Torino, ambacho hakina gari hata moja Napoli, na inabidi wahamishe simu. Ukihitaji msaada wake wa lugha, piga 112 wewe mwenyewe kwa simu moja, yeye mweke kwenye simu ya pili kwa spika pembeni.

Na wasio na karatasi, ambao mara nyingi ndio wanaochelewa kupiga: sheria ya wageni ya mwaka 1998, namba 286, kifungu cha 35, inakataza hospitali kumripoti mgeni asiye na kibali kwa sababu tu amekuja kutibiwa. Kinachobaki kuripotiwa ni yale yale yanayoripotiwa hata kwa Mwitaliano, kama jeraha la risasi. Hospitalini, asiyesajiliwa hupewa namba ya muda iitwayo STP, inayodumu miezi sita na kuweza kurefushwa.

Andika anwani yako kwa Kiitaliano na kwa matamshi, pamoja na jina la kengele, ubandike ndani ya mlango wa kutokea. Mtoto wa miaka tisa anayejua kusoma Kiswahili ataweza kuisoma kwenye simu kama ilivyo.